Barua moja yenye tafsiri, au barua mbili? Kocha anapoomba jezi na mipira kwa lugha mbili

Kwenye stesheneri yangu hapa Ngamiani, Tanga, ligi za watoto zikikaribia, makocha huja na karatasi iliyokunjwa mfukoni na ombi lilelile: "Dada, nichapie barua ya kuomba jezi, na ya Kiingereza uniwekee nyuma yake, kuna wafadhili wa nje." Kabla sijagusa kompyuta huwa namuuliza anataka ipi kati ya mbili. Ya kwanza ni barua moja ya Kiswahili inayotafsiriwa aya kwa aya, hivyo nakala ya Kiingereza inasema kile kile kwa mpangilio ule ule. Ya pili ni barua mbili zinazotumia jedwali moja la mahitaji, lakini kila moja imeandikwa kwa ajili ya msomaji wake. Kwa timu ndogo za mitaani mimi nashauri ya pili. Ipo hali moja ambayo ya kwanza ndiyo sahihi, nitaifikia.

Sababu ya ushauri huu ni barua ya kocha mmoja wa Makorora mwenye timu ya watoto chini ya miaka 15. Aliileta imeandikwa kwa mkono, na kwa Kiswahili haikuwa na kosa lolote:

> YAH: MAOMBI YA MSAADA WA VIFAA VYA MICHEZO
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa timu ya mtaani hapa Makorora yenye vijana 20. Tunafanya mazoezi kila siku saa kumi. Tuna uhaba mkubwa wa jezi, mipira na vifaa vinginevyo. Tunakuomba kwa heshima na taadhima utushike mkono kwa chochote ulichojaliwa.

Msomee mwenye duka yeyote wa barabara ya 12, ataelewa kila kitu kabla hujamaliza. Mwalimu ni kocha. Timu ya mtaani ni timu ya majirani. Saa kumi ni jioni, watoto wameshatoka shule. Na "chochote ulichojaliwa" ni adabu: unamwachia mtu nafasi ya kutoa kwa kadiri ya uwezo wake bila kumfunga kwa kiasi.

Tafsiri ilifanywa na mpwa wake wa kidato cha nne, tena kwa uangalifu, neno kwa neno. Ikapelekwa kwa mzee mmoja Ujerumani aliyewahi kuishi Tanga na kuwajua watu wa mtaa ule. Majibu yalikuja baada ya siku chache, yenye upole na maswali matatu. Watoto hawa wanalala wapi usiku? Kwa nini mwalimu anawafundisha mpira wakati wa vipindi? Na kama wako uwanjani kila siku saa 4 asubuhi, je, hawaendi shule kabisa?

Kocha alishika kichwa. Mimi nilichukua nakala ile nikaisoma kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga Makorora, nikaona kwamba mzee hakukosea hata kidogo. "Mtaani" ilikuwa imegeuka kuwa barabarani, kwa hiyo timu ya majirani ikawa timu ya watoto wasio na makazi. "Mwalimu" alipewa neno la Kiingereza la mwalimu wa darasani. "Saa kumi" iliandikwa 10, na kwa msomaji wa Ulaya 10 ni saa 4 yetu ya asubuhi. Kila kosa peke yake ni dogo, lakini yalikuwa yakishikana mikono: watoto wa barabarani, na mwalimu, asubuhi, uwanjani. Ikatoka hadithi kamili inayoeleweka, ila si ya timu hii. Hiyo ndiyo hatari ya nakala ya neno kwa neno. Msomaji hawezi kujua kuwa amepotea, kwa kuwa hakuna sentensi iliyomkwamisha.

Neno la nne ni "vijana". Sera ya vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Mfadhili akisoma "vijana 20" bila umri hajui kama analipia jezi za mtoto wa darasa la saba au za baba wa watoto wawili. Dawa yake ni kuandika mwaka: wavulana 20, waliozaliwa 2011 na 2012. Miaka haihitaji mkalimani.

Sasa ziweke barua hizi mbili ubavuni kwa ubavu, uone zinatofautiana wapi hasa. Wengi hudhani tofauti ni lugha. Mimi naona tofauti ni kile msomaji anachotafuta, na Kiswahili chenyewe kina maneno mawili yanayoonyesha hilo: udhamini na ufadhili. Mdhamini wa hapa Tanga, tuseme mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anaweka jina lake. Anataka kujua jezi itaonekana wapi, timu itacheza mechi ngapi, watu wangapi hukaa pembeni ya uwanja, na nani mtaani anaijua timu hii. Mfadhili wa nje hatafuti mteja Makorora. Anataka kujua fedha zinakwenda kwenye nini, nani anazishika, na atapata nini mkononi kuthibitisha kuwa zimetumika. Ukimwandikia mwenye duka kuhusu ripoti na risiti, utamchosha. Ukimwandikia mzee wa Ujerumani kuhusu nembo kifuani, atajiuliza unamchukulia kuwa nani.

Kwa hiyo barua ya Kiswahili tuliiandika upya ikabaki na sura yake yote ya kiofisi: anwani ya timu kulia juu, Kumb. Na., tarehe, anwani ya anayeandikiwa, kisha mstari wa "K.K. Afisa Mtendaji wa Kata". Mstari huo wa kupitia kwa mtendaji si urembo. Mwenye duka anapoona muhuri wa kata anajua kuwa kama timu ni ya uongo kuna mtu wa kumuuliza. Kichwa cha habari kilibadilika kidogo na mwili ukawa hivi:

> YAH: MAOMBI YA UDHAMINI WA JEZI, TIMU YA WATOTO CHINI YA MIAKA 15, MAKORORA
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kocha wa timu ya wavulana 20 wa kata yetu, waliozaliwa 2011 na 2012, wote wanafunzi. Tunafanya mazoezi baada ya masomo, saa 10 hadi saa 12 jioni, na msimu huu tunatarajia kucheza mechi 3 Muheza na nyingine hapa mjini. Tunaomba utudhamini seti moja ya jezi na soksi, thamani yake sh. 380,000, ambayo itabeba jina la duka lako. Kama uwezo wa sasa hauruhusu seti nzima, tutapokea kwa shukrani chochote ulichojaliwa katika orodha tuliyoambatisha.

"Chochote ulichojaliwa" bado ipo, na sikukubali itolewe. Kwa Kiswahili, barua ya ombi isiyo na mlango huo inasikika kama ankara. Ila sasa imekuja baada ya kiasi, na imefungwa kwenye orodha.

Barua ya Kiingereza haikuwa na "tafadhali husika", wala "heshima na taadhima", wala kupitia kwa mtendaji. Sentensi yake ya kwanza ilitaja ombi lote: timu ya wavulana 20 wa miaka 13 na 14, wanaoishi na wazazi au walezi wao na wanaosoma shule, katika jiji la Tanga, inaomba shilingi 1,110,000 kwa vifaa na usafiri wa msimu mmoja. Aya ya pili ilieleza wanacheza lini na wapi, na saa ikaandikwa kwa mtindo wa saa 24, yaani 16:00 hadi 18:00, ili asiwepo mtu wa kukisia asubuhi au jioni. Aya ya tatu ilisema nani anatia saini benki. Ya nne iliahidi vitu viwili tu, nakala za risiti na barua ya matumizi ndani ya mwezi mmoja baada ya kununua. Basi. Ukurasa mmoja na jedwali nyuma.

Kiingereza chenyewe kiwe chepesi. Tanga ina undugu wa miji na Eckernförde ya Ujerumani na Toledo ya Marekani, na wengi wanaopokea barua zetu upande wa Ujerumani nao Kiingereza ni lugha yao ya pili kama sisi. Miji hiyo miwili inanikumbusha pia mambo ya namba. Mmarekani akiona 05/06 husoma tarehe 6 ya mwezi wa tano, sisi tumekusudia tarehe 5 ya mwezi wa sita, kwa hiyo jina la mwezi liandikwe kwa herufi. Mjerumani huandika nukta pale tunapoweka mkato wa maelfu, na mkato kwake ni wa desimali, kwa hiyo kiasi kikuu kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Ile alama yetu ya /= mwishoni mwa bei iachwe nyumbani. Pembeni ya shilingi weka kiasi cha dola au yuro kwa makadirio, utaje na tarehe ya kiwango ulichotumia.

Jedwali ndilo kiungo cha barua zote mbili. Bei hizi ni zile ambazo kocha wa Makorora aliandikiwa na duka la michezo kwenye ankara ya awali, pamoja na bei ya mwenye basi:

| Kitu | Idadi | Bei ya kimoja (sh.) | Jumla (sh.) | Nani amelipia |
|---|---|---|---|---|
| Jezi na bukta | 20 | 15,000 | 300,000 | |
| Soksi, jozi | 20 | 4,000 | 80,000 | |
| Mipira namba 5 | 6 | 35,000 | 210,000 | |
| Koni | 20 | 2,000 | 40,000 | |
| Bips za mazoezi | 12 | 5,000 | 60,000 | |
| Boksi la huduma ya kwanza | 1 | 60,000 | 60,000 | |
| Basi dogo Muheza, kwenda na kurudi | 3 | 120,000 | 360,000 | |
| Jumla | | | 1,110,000 | |

Kwenye mipira, namba 5 haitoshi kuandikwa peke yake katika nakala ya wageni. Mtu akiambiwa "mipira ya watoto" anaweza kununua namba 4, ambao ni mdogo. Namba 5 ina mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, na ndiyo wanayochezea wa umri huu. Njumu hazimo humu kwa makusudi. Kocha alizitaka sana, nami namwelewa, nusu ya watoto wake wanacheza peku au na raba. Lakini njumu ni kitu ambacho mfadhili wa nje hupenda kukituma chenyewe kwenye boksi, na boksi lina gharama ya usafirishaji, lina forodha, na lina namba za miguu: 39 ya Ulaya si 39 ya kila mahali, na mguu wa mtoto wa miaka 13 hausubiri meli. Tukakubaliana ziombwe baadaye, kwa fedha, zinunuliwe hapa watoto wakizijaribu.

Hapa lazima niseme udhaifu wa njia ninayoipendelea. Barua mbili zina tabia ya kuachana. Kocha huyu aliporudi nyumbani alifikiri upya, akaongeza mipira kutoka 6 hadi 8 kwenye ya Kiswahili kwa kalamu, jumla ikawa 1,180,000. Ya Kiingereza ikabaki 1,110,000. Tofauti ya 70,000 si kubwa, lakini mtu wa tatu akizikuta zote mbili mezani, jambo la kwanza atakaloliona ni kwamba timu moja ina bei mbili. Barua moja yenye tafsiri haiumii sana kwa hili, kwa kuwa kila aya ina pacha wake na macho hukamata haraka penye hitilafu. Kwenye barua mbili ulinzi wake ni jedwali lenyewe: liwe moja, lichapwe mara moja, lenye vichwa vya safu kwa lugha zote mbili, na liambatishwe nyuma ya kila barua likiwa na Kumb. Na. na tarehe ile ile. Ndani ya mwili wa barua usirudie bei ya kitu kimoja kimoja, taja kiasi unachoomba tu. Kikibadilika kitu, jedwali la zamani linachanwa.

Na ile hali ambapo barua moja iliyotafsiriwa aya kwa aya inashinda ni hii: barua ikienda ofisi moja yenye wasomaji wa lugha mbili. Chukua kampuni kubwa hapa Tanga, karani wa mapokezi na ofisa utumishi ni Waswahili, lakini anayeidhinisha fedha hasomi Kiswahili. Hapo watu wawili watashika karatasi mbili na kuulizana, "aya ya tatu inasemaje?" Ukimpa kila mmoja barua ya mpangilio wake, mmoja atadhani mwenzake ameficha kitu. Weka namba kwenye aya, zifanane moja kwa moja, na andika juu ya ya Kiingereza kuwa ni tafsiri na barua ya Kiswahili ndiyo yenye saini na muhuri. Lakini hata hapo kinachotafsiriwa ni maana: mtaani, mwalimu, saa kumi na vijana havitafsiriwi kwa kamusi. Na mwambie anayetafsiri abadilishe kwanza Kiswahili, kiseme "saa 10 jioni" na "kocha", ndipo aingie kwenye Kiingereza. Ni rahisi zaidi kusafisha mto kwenye chemchemi.

Jambo moja nalisimamia katika barua za aina zote, hata kocha akinikasirikia. Makocha wamezoea kuambatisha orodha ya wachezaji yenye majina matatu, tarehe za kuzaliwa, shule, namba ya simu ya mzazi, mara nyingine na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Orodha hiyo ina kazi yake kwenye usajili wa mashindano. Kwenye barua ya kuomba fedha haina kazi, na nakala ya Kiingereza husambazwa kwa barua pepe hadi kwa watu ambao kocha hatawajua kamwe. Tangu mwaka 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, iliyopitishwa 2022, na hawa ni watoto. Idadi na miaka ya kuzaliwa inatosha. Picha ya timu iwekwe kama wazazi wamekubali kwa maandishi, bila majina chini yake. Na kwa mdhamini wa hapa nyumbani, jina la kampuni ya kubeti au ya pombe lisikae kifuani mwa mtoto wa miaka 13, hata ikija na seti mbili.

Kuhusu njia ya fedha, barua mbili zinatofautiana tena. Mwenye duka anaweza kulipa moja kwa moja kwenye duka la michezo, na hilo ni bora kwa wote, kocha hagusi hata shilingi. Wa nje anahitaji akaunti ya benki yenye jina la timu na namba ya SWIFT ya benki hiyo. Akaunti ya jina la kocha binafsi ndiyo inayoua maombi mengi kuliko Kiingereza kibaya. Ili benki ifungue akaunti ya timu itataka cheti cha usajili wa klabu, katiba, na muhtasari wa kikao uliochagua watia saini, na usajili huanzia kwa ofisa michezo wa halmashauri. Kama timu haijafika huko, nashauri barua ya Kiingereza isubiri, ya Kiswahili itangulie, kwa sababu seti ya jezi kutoka dukani haihitaji akaunti.

Kocha wa Makorora akaunti alikuwa nayo, hivyo zilitoka zote kwa siku moja. Ya Kiswahili aliipeleka mwenyewe, akaketi kwenye benchi la duka la vifaa vya ujenzi mpaka mwenyewe alipomaliza kuhudumia wateja wa saruji. Mwenye duka aliisoma, akageuza nyuma akatazama jedwali, akauliza jina la duka litakuwa mbele au mgongoni. Akakubali jezi na soksi, 380,000.

Jioni ile kocha alipita dukani kwangu kunipa habari, na alikuwa anaondoka tayari nilipomwita arudi. Jezi zimepata mwenyewe, na Ujerumani bado kuna barua inayoomba 1,110,000. Tulifungua faili, tukajaza safu ya mwisho kwenye mistari miwili ya juu, "mdhamini, Tanga", tukachapa jedwali jipya lenye tarehe mpya, na kumwandikia mzee sentensi moja kwamba kiasi kinachobaki ni shilingi 730,000.